Kugeuza slaidi za bidhaa mpya kuwa makala ya msaada: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wenzetu wanaoandika makala za msaada kwa wateja, hasa wale wanaokabidhiwa slaidi za uzinduzi na kutakiwa kuzigeuza kuwa maelekezo yenye hatua na utatuzi wa matatizo. Mfano utakaotumika mwanzo hadi mwisho ni mmoja tu: kipima unyevu cha nafaka kinachoshikwa mkononi, ambacho kampuni ninayoiandikia hapa Mbeya ilikitambulisha kwa slaidi 14 msimu wa Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Wanaokitumia ni makarani wa vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, wenye maghala na wanunuzi wa mahindi wa Mbozi, Makambako, Wanging'ombe na Iringa Vijijini, na wengi wao hufungua makala zetu kwenye simu huku gunia limeshafunguliwa na mwenye mahindi amesimama pembeni akisubiri jibu.

Kwa nini slaidi zisipakiwe kama zilivyo kwenye kituo cha msaada?

Kwa sababu slaidi zilitengenezwa zisemewe na mtu, na nusu ya maana yake ilibaki mdomoni mwa yule aliyezisemea. Slaidi yetu ya saba ilikuwa na picha ya kifaa kikiwa kiganjani na maneno haya: "Jua unyevu wa mahindi yako ndani ya sekunde 10." Siku ya maonyesho mtaalamu wetu aliisemea slaidi hiyo kwa karibu dakika nne. Alijaza kikombe, akasawazisha mahindi kwa kidole, akachagua zao, akaeleza kwa nini alikuwa amekiacha kifaa kivulini tangu asubuhi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye slaidi, na mtu anayeisoma peke yake akiwa Igawa atabaki na picha nzuri na ahadi ya sekunde 10.

Sababu ya pili ni mpangilio. Slaidi zilimjibu mtu anayejiuliza kama anunue au asinunue, kwa hiyo zilianza na hasara ya mahindi yanayooza, zikaja faida, kisha bei, kisha mawasiliano. Anayefungua makala ya msaada ameshanunua, na swali lake ni kitu kilicho mbele yake wakati huo. Kumpitisha kwenye slaidi sita za hasara kabla hajajua kitufe cha kubonyeza ni kumpotezea muda na bando.

Nikishapewa slaidi, nianzie wapi?

Anza na kifaa chenyewe, kisha aliyezisemea slaidi, na slaidi ziwe za tatu. Omba kifaa kimoja kikae mezani kwako kwa wiki nzima, kwa sababu makala ya hatua iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukigusa kifaa hujulikana kwa haraka: hatua zake zinaruka mahali ambapo mkono unahitaji kufanya kitu. Kisha mwombe msemaji azipitie slaidi tena mbele yako kama vile anamfundisha karani mpya, umrekodi kwa ridhaa yake, na kila anapogusa kifaa umsimamishe na kumwuliza amefanya nini na kwa nini. Usisahau kufungua sehemu ya maelezo ya msemaji chini ya kila slaidi. Sisi tulikuta humo sentensi moja ambayo haikuonekana na mteja yeyote: "Wakumbushe wasishindilie."

Baada ya hapo ndipo utazipitia slaidi moja moja. Katika 14 zetu, nne tu ndizo zilizokuwa na jambo linaloingia kwenye makala: iliyotaja mazao yanayopimika, iliyoonyesha sehemu za kifaa, ile ya sekunde 10, na iliyotaja usahihi wa kipimo. Bei na ushuhuda wa wateja viliachwa kabisa. Slaidi ya "yanayokuja hivi karibuni", iliyosema kifaa kitatuma vipimo kwenye simu, niliiondoa bila kusita, kwa sababu makala ya msaada inaeleza kifaa kilichomo mkononi mwa msomaji leo, na mtu akisoma kuhusu kutuma vipimo atatafuta kitufe ambacho hakipo, halafu atapiga simu kwetu akiamini chake ni kibovu.

Kitu cha mwisho katika hatua hii ni orodha ya mambo ambayo slaidi hazikuyasema lakini kifaa kinayadai. Kwangu orodha hiyo ilifika maswali kumi na moja, nikampelekea mtaalamu yote kwa pamoja badala ya kumsumbua moja moja.

Kichwa cha makala kiweje?

Kiwe kazi anayotaka kuifanya msomaji, kwa maneno anayoyatumia yeye. Slaidi zilibeba jina la biashara la kifaa na kaulimbiu. Makala yetu inaitwa "Jinsi ya kupima unyevu wa mahindi kabla ya kuyapokea ghalani." Tuliweka neno "mahindi" na si "nafaka" kwa makusudi, kwa sababu ndilo neno ambalo karani huandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Maharage tuliyafanyia makala yake, kwa kuwa ujazaji wa kikombe ni tofauti kidogo na kuyachanganya kungelazimisha kila hatua iwe na "lakini ikiwa ni maharage".

Hatua zenyewe zinaandikwaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitaionyesha kama ilivyokuwa. Sentensi ile moja ya "Jua unyevu wa mahindi yako ndani ya sekunde 10" ilizaa hatua nane:

1. Weka kifaa na mahindi yatakayopimwa mahali pamoja, kivulini, kwa dakika 30.
2. Chukua mahindi kwa bambo kutoka sehemu ya juu, ya katikati na ya chini ya gunia, kisha yachanganye kwenye chombo kikavu.
3. Bonyeza `ON`. Skrini itawaka na kuonyesha zao lililopimwa mara ya mwisho.
4. Ikiwa skrini haionyeshi `MAIZE`, bonyeza `CROP` mpaka neno hilo litokee.
5. Mimina mahindi kwenye kikombe taratibu mpaka yafike kwenye mstari. Usiyashindilie wala kukigonga kikombe.
6. Funga kifuniko mpaka usikie mlio wa kukaza.
7. Bonyeza `TEST` na usikisogeze kifaa. Baada ya sekunde 10 hivi skrini itaonyesha namba yenye alama ya asilimia. Iandike.
8. Mwaga mahindi, jaza mengine kutoka kwenye chombo kilekile, na upime tena mpaka uwe na vipimo vitatu. Vijumlishe na ugawe kwa tatu.

Mambo machache hapo yanahitaji maelezo. Kila hatua inaanza na kitenzi cha kuamuru na inabeba tendo moja, au matendo mawili yanayofanywa kwa pumzi moja. Pale ambapo kifaa kinajibu, jibu hilo limeandikwa ndani ya hatua ileile, ili msomaji ajue amefanikiwa kabla hajaenda mbele. Sharti linatangulia tendo: hatua ya nne inasema "ikiwa skrini haionyeshi" kwanza, ndipo "bonyeza", kwa maana watu husoma hatua huku mkono ukiwa tayari kwenye kitufe, na ukimwambia abonyeze kabla ya kumpa sharti ameshabonyeza. Katazo la kushindilia nalo limekaa kwenye hatua ya kujaza, mahali linapohitajika, badala ya kukaa kwenye sanduku la tahadhari mwanzoni mwa makala ambalo kila mtu hulipita.

Hatua ya kwanza ilileta mabishano ofisini. Wenzetu wa mauzo waliona dakika 30 zinaiua kaulimbiu yao ya sekunde 10, nami niliwaelewa, kwa sababu kaulimbiu hiyo si ya uongo. Kipimo chenyewe huchukua sekunde 10 kweli. Lakini msomaji asiyesubiri atapata namba isiyo sahihi ndani ya sekunde 10, na namba hiyo itaamua kama mahindi ya mtu yatapokelewa. Dakika 30 zilibaki.

Baada ya hatua tuliongeza mfano wa hesabu, kwa kuwa wasomaji wawili waliojaribu makala walichukua kipimo cha tatu wakidhani ndicho cha mwisho na hivyo ndicho sahihi. Mfano unasema hivi: vipimo vikiwa 13.2, 13.6 na 13.4, jumla ni 40.2, na ukigawa kwa tatu unapata 13.4. Kiwango cha juu cha unyevu kwa mahindi katika viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo mahindi hayo yanapokelewa. Vipimo vikiwa 13.1, 13.3 na 15.0, usitafute wastani kwanza. Changanya mahindi upya na urudie, kwa sababu namba moja inapojitenga hivyo ama kikombe kilijazwa vibaya, ama gunia limechanganywa mahindi makavu na mabichi.

Je, dai la usahihi lililomo kwenye slaidi liingie kwenye makala?

Liingie, lakini likiwa na masharti yake na likiwa na maana kwa msomaji. Slaidi yetu ya tisa ilisema "Usahihi ±0.5%". Kitabu cha mtengenezaji kinasema jambo hilohilo, ila kinaongeza kwamba ni kwa mahindi safi, yasiyo na maji juu ya ngozi, na yenye joto sawa na la kifaa. Masharti hayo matatu ndiyo yaliyoanguka njiani kati ya kitabu na slaidi, na kazi ya mwandishi wa makala ni kuyarudisha.

Kisha fafanua alama hiyo inamfanyia nini mtu. Ikiwa unyevu halisi ni 13.5, kifaa kizima kinaweza kuonyesha 13.0, na kifaa kingine kizima kinaweza kuonyesha 14.0. Vifaa viwili vinaweza kutofautiana kwa asilimia moja nzima na vyote vikawa ndani ya ahadi ya mtengenezaji. Sentensi hii moja ilipunguza simu za ugomvi kati ya wauzaji na wanunuzi kuliko kitu kingine chochote tulichoandika, kwa sababu hapo awali kila upande uliamini mwenzake amechezea mashine.

Slaidi hazina tatizo hata moja. Sehemu ya utatuzi wa matatizo naitoa wapi?

Hakuna slaidi ya uzinduzi inayoonyesha bidhaa ikishindwa, na hilo ni la kawaida. Sehemu hii ina vyanzo viwili tu ninavyoviamini: kukifanya kifaa kishindwe kwa mkono wako mwenyewe, na kwenda mahali kinapotumika.

Cha kwanza kilinichukua siku mbili. Nilichukua kilo chache za mahindi yaliyokauka vizuri, nikayapima kwa kufuata hatua zote, na nikapata namba ya kulinganishia. Halafu nilianza kukosea kwa makusudi, kosa moja kwa wakati, nikiandika kwenye daftari skrini inasema nini. Kikombe kilichojaa nusu kilitoa namba ndogo. Mahindi yaliyoshindiliwa yalitoa namba kubwa. Zao likiwa si sahihi, namba ilikuja bila onyo lolote, ikionekana ya kawaida kabisa. Kikombe kitupu kilionyesha `Lo`, na kikombe kilichobakiwa na tone la maji kilionyesha `Hi`.

Ili kuyaandika haya vizuri nililazimika kuelewa kifaa kinafanyaje kazi, na ninamshauri kila mwandishi afanye hivyo hata kama maelezo hayo hayataingia kwenye makala. Kifaa hakigusi maji yaliyomo ndani ya punje. Kinapitisha umeme mdogo kwenye kikombe na kupima jinsi kilichomo kinavyoupokea. Maji huupokea kwa nguvu mara nyingi zaidi kuliko wanga mkavu, na kutokana na tofauti hiyo kifaa hukadiria asilimia, kwa hesabu iliyowekwa kwa ajili ya kila zao. Ukishajua hilo, makosa yote yanajieleza. Nusu kikombe ni kitu kidogo cha kupokea umeme, kwa hiyo kifaa kinadhani unyevu ni mdogo. Kushindilia ni kuongeza punje mahali pamoja. Na maji yaliyo juu ya ngozi ya punje yanahesabiwa kana kwamba yamo ndani yake.

Chanzo cha pili kilinipeleka Makambako mwezi wa Julai, baada ya mteja mmoja kusema kifaa chake "kinabadilika badilika kama kinyonga". Nilifika ghalani saa moja na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala. Mama mmoja alikuwa ameleta mahindi yake usiku kwa gari, yakalala kwenye baraza chini ya turubai. Karani alipima mbele yangu: 15.1. Akayakataa. Nilimwamkia mama yule shikamoo, nikamwomba asiondoke kwanza. Akaniambia, "Marahaba mwanangu, lakini mashine yenu hii asubuhi inanionea, mchana inanihurumia. Jana ilimfanyia hivyohivyo jirani yangu." Tukayaanika mahindi ya gunia lile kivulini, tukayageuza mara kadhaa. Saa saba mchana karani alipima tena kutoka gunia lilelile, mara tatu, na wastani ulikuwa 13.3. Yakapokelewa.

Kifaa kilikuwa kizima asubuhi na kilikuwa kizima mchana. Kilichobadilika ni umande. Ukitumbukiza mkono kwenye gunia lile asubuhi ulitoka na ubaridi wenye majimaji, na punje zilikuwa zinateleza kidogo kati ya vidole. Mchana zilikuwa kavu na zinakwaruza. Kipimo hicho cha vidole tumekiandika kwenye makala karibu neno kwa neno, kwa sababu mavuno yetu ya mahindi huangukia miezi ileile ya baridi, Juni na Julai, na tatizo hili litarudi kila mwaka. Mtengenezaji aliyeandika kitabu chake mbali na hapa hakuwa na sababu ya kulipatia tatizo hili zaidi ya nusu mstari. Sisi tulilipatia nafasi ya kwanza.

Matatizo yapangweje, na kila moja liandikweje?

Yapange kwa kile anachokiona msomaji, kwa kuwa chanzo ndicho asichokijua. Kichwa cha habari "Athari za joto na umande" kinamfaa mtu aliyekwisha kujua jibu. Kichwa "Namba ni kubwa asubuhi na ndogo mchana" kinamfaa karani. Chini ya kila kichwa, tanguliza sababu inayotokea mara nyingi na inayokaguliwa bila gharama, na kila sababu iwe na namna ya kuithibitisha kabla ya dawa yake. Hivi ndivyo baadhi yake yalivyokaa:

*Namba ni kubwa asubuhi na ndogo mchana.* Tumbukiza mkono katikati ya gunia. Punje zikiwa na ubaridi wenye majimaji, juu yake kuna umande. Zitandaze kivulini penye hewa, zigeuze, na upime zikishakauka kwa nje. Ukitoa mahindi ya baridi na kuyaingiza kwenye chumba chenye joto, maji yanaweza kujitengeneza juu ya punje kwa namna hiyohiyo. Ndiyo sababu hatua ya kwanza inataka dakika 30.

*Jana namba ilikuwa nzuri, leo imepanda ingawa mahindi hayakunyeshewa.* Je, jana yalipimwa mara tu baada ya kutolewa juani? Jua hukausha ngozi ya punje kabla ya moyo wake. Yakikaa kwenye gunia usiku kucha, unyevu wa ndani hutoka nje na kusambaa, na namba ya leo ndiyo ya kuaminiwa. Endelea kuanika.

*Skrini inaonyesha* `Lo`*.* Fungua kifuniko uone kama kikombe kimejaa mpaka kwenye mstari. Kikiwa kimejaa, hakikisha zao ni `MAIZE`.

*Skrini inaonyesha* `Hi`*.* Mwaga mahindi, futa kikombe kwa kitambaa kikavu, jaza upya. Ikirudia, mahindi yana unyevu unaozidi uwezo wa kifaa na hayafai kuingia ghalani.

*Namba yangu inatofautiana na ya mnunuzi.* Pimeni mahindi yaleyale, kutoka chombo kimoja, kwa wakati mmoja, mara tatu kila mmoja. Tofauti ya wastani isiyozidi 1.0 ni ya kawaida. Ikizidi hapo, mojawapo ya vifaa inahitaji kuhakikiwa.

Kwenye tatizo hilo la mwisho tuliongeza njia ya chumvi, ambayo wazee wengi wanaifahamu: mahindi kiasi kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, chumvi kavu juu yake, tikisa kwa dakika chache na uache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu unazidi asilimia 15 hivi. Lakini lazima makala iseme mpaka wa njia hiyo: chumvi isipoganda haithibitishi kwamba mahindi yamefika 13.5, kwa sababu kati ya 13.5 na 15 chumvi haikuambii kitu. Inamaliza ubishi pale tu kifaa kimoja kinaposema 13 na kingine kinaposema 17.

Msomaji akijaribu yote na tatizo lisiishe?

Kila sehemu ya matatizo iwe na mahali pa kusimama. Yetu inasema: ukishafuta kikombe, ukabadilisha betri na kurudia vipimo vitatu bila mafanikio, usifungue kifaa kwa bisibisi, tupigie. Kabla ya kupiga, andika namba iliyo kwenye kibandiko nyuma ya kifaa, zao lililoonekana kwenye skrini, vipimo vitatu vya mwisho, saa uliyopima, na mahindi yalikuwa wapi kabla ya kupimwa. Kabla hatujaandika mistari hiyo, mhudumu wa simu alitumia muda mwingi kuuliza maswali hayo moja moja, na mara nyingi mteja alilazimika kukata simu, kurudi ghalani na kupiga tena.

Picha za kwenye slaidi zinaweza kutumika?

Chache sana. Picha ya uzinduzi inaonyesha kifaa kizima kikiwa kwenye mwanga mzuri, wakati msomaji anahitaji kuona mstari wa ndani ya kikombe. Sisi tulipiga picha tatu mpya kwa simu: kikombe kilichojaa sawasawa, kikombe kilichojaa nusu, na skrini ikionyesha `MAIZE`. Slaidi iliyohifadhiwa kama picha yenye maandishi ndani yake isitumike kabisa, kwa sababu maandishi hayo hayapatikani kwa kutafuta, hayasomeki na programu zinazowasomea wasioona, na ni mazito kufunguka pale mtandao unapokuwa wa kubahatisha.

Maneno ya kwenye skrini yatafsiriwe?

Hapana. Yaandikwe jinsi yanavyosomeka kwenye kifaa, herufi kwa herufi, na maana yake ielezwe mara ya kwanza tu. Ukimwandikia karani "bonyeza kitufe cha zao" atatafuta neno "zao" kwenye kifaa na hataliona. Vilevile chagua jina moja kwa kila kitu na ubaki nalo. Slaidi zetu ziliita sehemu ileile "kikombe", "chemba" na "kijungu", na katika makala imebaki "kikombe" peke yake.

Nitajuaje kwamba makala imekamilika?

Mpe mtu ambaye hajawahi kukitumia kifaa, mpe na mahindi, mfungulie makala kwenye simu, kisha ukae kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu, maana mkono utatamani kumwonyesha. Andika kila mahali anaposimama, anaporudi juu kusoma tena, au anapofanya kitu ambacho hukukiandika. Dada mmoja anayefanya kazi ya uhasibu jirani na ofisi yetu alijaza kikombe huku akikigonga mezani ili mahindi yakae vizuri, kama mtu anavyojaza pishi sokoni. Hatua ya tano ilikuwa inakataza kushindilia tu. Maneno "wala kukigonga kikombe" yaliingia siku hiyo. Watu watatu wa namna hiyo walitosha kutuonyesha mapengo makubwa yote.

Mtaalamu wa kifaa naye aisome, ila mwombe ahakiki ukweli wa namba na wa sababu za matatizo tu. Ukimwachia lugha, atairudisha kwenye lugha ya slaidi.

Slaidi zikibadilishwa, makala nayo ibadilishwe?

Makala hufuata kifaa. Mwaka huu slaidi zimebadilishwa rangi na kaulimbiu na hatukugusa hata mstari mmoja. Lakini shehena ya pili ya vifaa ilipokuja ikiwa na mstari wa kikombe uliopanda juu kidogo, tulibadilisha picha mbili siku hiyohiyo, na juu ya makala tukaandika jinsi ya kutambua una kifaa kipi kwa kutazama herufi ya kwanza kwenye kibandiko cha nyuma.